Mteremko wa mwanzo si kasi ya kutolewa dawa

"Dawa ya mshipani ikishuka ghafla saa ya kwanza, si ndiyo figo zinaitoa mbio?" Wanafunzi wa famasia wa Unguja na Pemba huuliza hivyo mara nyingi, na mchoro wa kiwango cha dawa damuni unashawishi kweli.

Sehemu kubwa ya mshuko ule ni dawa kuhama kutoka damuni kuingia kwenye tishu. Bado imo mwilini. Kutolewa kumeshaanza, ila kumefunikwa na kusambaa.

Chukua mfano wa kufanyia hesabu, kiwango cha dawa damuni kwa miligramu kwa lita: mwanzo ni 40, nusu saa ni 23.3, saa 1 ni 14.7, saa 4 ni 4.1, saa 8 ni 2, saa 12 ni 1. Zichore kwenye karatasi yenye mhimili wima wa logi, kisha weka rula juu ya nukta za mwisho. Kutoka 2 hadi 1 ni saa 4, basi nusu uhai wa kutolewa ni saa 4. Ukipima kwa nukta mbili za mwanzo utapata kama dakika 40, na dozi inayofuata utaiwahisha mno.

Sasa rudisha mstari wa rula nyuma hadi mwanzo, utagonga 8. Kwenye nusu saa unasoma 7.3, kwenye saa 1 unasoma 6.7. Toa kwenye vipimo: zinabaki 16 na 8. Masalia hayo ndiyo usambazaji, na nusu uhai wake ni nusu saa.

Damu ikiacha kuchukuliwa saa ya 2, mkia ule wa nukta za mwisho hauonekani, na rula haitasaidia.