Vita viko Goma, ndoto ziko Nairobi: maswali na majibu kuhusu kuota vita

Swali: Mimi ni mtu wa Goma, naishi Kayole hapa Nairobi. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025, naota vita karibu kila usiku. Sijasikia hata risasi moja kwa masikio yangu, na ndugu zangu waliobaki kule wanasema wao wanalala. Inakuwaje?

Pole sana, dada. Umbali haumkingi mtu na ndoto za vita, na wakati mwingine hata huzichochea. Mwaka 2013 mabomu mawili yalilipuka kwenye mbio za marathoni mjini Boston, Marekani. Watafiti waliwafuatilia watu waliokuwepo pale na wengine waliofuata habari tu. Waliotazama na kusikiliza habari za mlipuko ule kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku, katika wiki iliyofuata, walieleza msongo mkali wa mawazo kuliko hata waliokuwa kwenye tukio lenyewe. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba habari peke yake ndiyo iliyowaumiza, kwa sababu mwenye hofu nyingi huenda pia ndiye anayetazama sana. Lakini mambo hayo mawili hulishana: hofu inakufanya ufungue simu, na simu inakuongezea hofu.

Fikiria siku zile za mwisho wa Januari. Aliyekuwa Goma alijua mlio unatoka upande gani, na alikuwa na kazi mkononi: kutafuta maji, kutafuta unga, kuwalaza watoto chini mbali na dirisha. Wewe Kayole uliona video ileile ikiletwa na vikundi vitatu vya WhatsApp, ukapiga simu kwa mama isipatikane, na hukuwa na la kufanya ila kupiga tena. Hatari inayoonekana bila njia ya kuikabili ndiyo inayoingia sana ndotoni.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Usingizi wenye ndoto nyingi huja kwa wingi katika theluthi ya mwisho ya usiku, kuelekea alfajiri. Ukiamka katikati ya usingizi huo, ndoto unaikumbuka. Ukilala moja kwa moja hadi asubuhi, nyingi hupotea. Mtu anayeamka saa 9 na saa 10 usiku kuangalia kama kuna ujumbe mpya anaamkia ndani ya ndoto zake. Kisha, akiwa bado na jasho, anafungua video.

Kuhusu ndugu zako, waamini wanaposema wanalala. Kwa baadhi ya watu ndoto za aina hii hazianzi hadi hatari imepita na mwili umetulia. Zikiwajia baadaye, usishangae na wala usiwaambie "niliwaambia".

Swali: Katika kikundi cha familia, watu wanne tumeota ziwa Kivu linapanda na kumeza mji. Mama mkubwa anasema ni ishara na anataka tuwatumie watu wote ujumbe wa onyo. Tufanyeje?

Msitume. Mama mkubwa msikilizeni kwa heshima, lakini ujumbe huo usitoke.

Ndoto kama hizo zilichunguzwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani. Mtafiti Ernest Hartmann na mwenzake waliwapata watu 44 ambao tayari walikuwa na mazoea ya kuandika ndoto zao. Kila mmoja alitoa ndoto 10 za mwisho kabla ya tukio na 10 za kwanza baada yake. Wote walikuwa wameona kwenye televisheni ndege zikigonga yale majengo, tena na tena. Hata hivyo hakuna aliyeota ndege ikigonga jengo refu. Kilichobadilika ni ukali wa picha kuu ya ndoto. Hartmann alikuwa ameandika pia juu ya watu waliopatwa na misiba mikubwa, na picha aliyoipa uzito zaidi ni ile ya wimbi kubwa linalomfunika mtu.

Basi ziwa linalopanda ndivyo akili ya mtu wa Goma inavyochora hisia ya kuzidiwa. Nyote mmekulia kando ya ziwa lilelile, mmesoma jumbe zilezile, mnawahofia watu walewale. Ingekuwa ajabu zaidi kama ndoto zenu zisingefanana. Tena wa kwanza akishasimulia, wengine hukumbuka vipande vya ndoto zao vinavyolingana na hicho, na visivyolingana wanaviacha. Jambo la kuangalia ni tarehe: ndoto hizi zilikuja baada ya habari, si kabla yake.

Kama ninyi ni Waislamu, mnajua mafundisho ya Mtume kuhusu ndoto mbaya: omba kinga kwa Mwenyezi Mungu, tema mate kidogo kushoto mara tatu, geuka ubavu mwingine, na usimsimulie mtu. Hapo dini na tiba hazigombani hata kidogo. Ndoto ya kutisha ikisambazwa kwa sauti kwenye kikundi, anayeipokea usiku akiwa peke yake anaweza kuanza kuiota na yeye. Kama ni lazima kusema, mwambie mtu mmoja, mchana, kwa maneno machache.

Swali: Ndoto yangu ni ileile. Ninakimbia kuelekea Gisenyi, upande wa Rwanda, na mwanangu mgongoni, nikifika mpakani geti limefungwa, watu wanakuja nyuma, nikijaribu kupiga kelele sauti haitoki. Naweza kuizuia?

Kuizuia kwa nguvu hapana, lakini unaweza kuibadilisha. Hii ndiyo njia iliyofanyiwa kazi zaidi katika ndoto za kutisha zinazojirudia, na naomba uisome polepole. Daktari Barry Krakow na wenzake waliijaribu Marekani kwa wanawake waliowahi kubakwa, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliofanya zoezi walipungukiwa na ndoto mbaya na wakalala vizuri kuliko waliokuwa bado wanasubiri matibabu.

Chukua daftari mchana, si usiku. Andika ndoto kwa ufupi, mistari minne au mitano. Usiingie katika maelezo ya nyuso na damu, kwa sababu zoezi halihitaji uyapitie upya. Kisha tafuta mahali ambapo unataka hadithi igeuke, na uigeuze utakavyo. Haina haja ya kuwa jambo linalowezekana. Kwa ndoto yako, geuzo zuri liko kabla ya geti, wakati hofu haijafika kileleni. Kwa mfano: unakimbia na mtoto mgongoni, unasikia mtu anakuita jina, ni shangazi yako amekaa kando ya barabara na beseni la samaki. Unasimama. Anakushusha mtoto, anampa maji. Barabara nyuma yako imejaa akina mama wanaotoka sokoni, hakuna anayekimbia. Geti liko wazi na wala huna haja ya kupita.

Andika hadithi mpya yote, na weka ndani yake vitu vya kuonekana, kusikika na kunusika: harufu ya samaki, uzito wa mtoto unapotoka mgongoni. Halafu kila siku kaa mahali tulivu kwa dakika 10 hadi 20, fumba macho, uipitie hadithi hiyo mpya tu. Ya zamani usiiguse. Kama una ndoto kadhaa, anza na isiyo kali sana.

Wengi huharibu zoezi kwa njia moja: wanaandika hadithi mpya ambayo bado ni vita, ila safari hii wao ndio wanaoshinda kwa panga. Hadithi ya namna hiyo inaufundisha mwili kupambana usiku kucha, na kwa uzoefu wangu iliyo tulivu husaidia zaidi. Wengine wanaacha siku ya nne kwa kuwa ndoto imerudi. Jipe wiki kadhaa. Dalili kwamba zoezi linafanya kazi mara nyingi si kutoweka kwa ndoto. Unaweza kuona ndoto imekengeuka katikati, au umeamka bila moyo kudunda vile, au umelala tena haraka. Lakini ukiona kila unapofanya zoezi unatetemeka na picha za zamani zinakufurika, liache, ulifanye ukiwa na mshauri.

Zoezi hili halitaondoa wasiwasi juu ya mama yako aliyeko Goma. Huo una sababu yake. Linalenga usiku tu.

Sambamba na hilo, zima video zinazojipakua zenyewe: kwenye WhatsApp ingia `Settings`, kisha `Storage and data`, kisha `Media auto-download`. Panga na ndugu mmoja awe ndiye anayewasiliana na Goma na kukuletea habari kwa maandishi mara mbili kwa siku, ya mwisho kabla ya jua kuzama. Kuhusu dharura mwambie apige, asiandike. Hapo simu isipolia usiku, unajua hakuna jipya.

Swali: Mwanangu wa miaka 5 anapiga mayowe saa 5 usiku, macho wazi, ananisukuma kama hanijui. Asubuhi hakumbuki kitu. Naye anaota vita?

Huenda hapana. Ndoto ya kutisha humjia mtoto usiku ukiwa umekwenda sana. Akiamka anakutambua, anakumbatia, anasimulia. Mayowe ya saa za mwanzo, bila kukutambua na bila kumbukumbu, ni mshtuko wa usingizini. Usimwamshe kwa nguvu wala kumhoji. Kaa karibu asijiumize, atalala tena. Uchovu na homa huuchochea, kwa hiyo mlaze mapema, na mwili ukiwa na joto mpeleke akapimwe malaria.

Swali: Mume wangu anakunywa bia mbili ili alale, na jirani amempa vidonge vya Valium. Vinasaidia?

Pombe inaleta usingizi haraka, lakini inabana ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha zinarudi kwa fujo alfajiri pombe inapotoka mwilini. Valium pamoja na bia inaweza kupunguza pumzi hadi kuua, na peke yake huleta utegemezi. Jambo la kuuliza ni dawa nyingine anazotumia: efavirenzi, iliyokuwa kwenye ARV za miaka iliyopita, na meflokwini ya malaria zinajulikana kwa kuleta ndoto kali. Asiache ARV hata siku moja. Aeleze kliniki wamwangalizie dawa mbadala.

Swali: Nitajuaje kwamba sasa ni ugonjwa?

Angalia mchana kuliko usiku. Nenda ukaonwe iwapo kwa zaidi ya mwezi mmoja ndoto zinakuja pamoja na picha za ghafla ukiwa macho, kushtuka kwa kila kishindo, kukwepa watu au mahali panapokumbusha, na kazi au malezi kukushinda. Kutazama habari peke yake kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa chanzo cha ugonjwa wa kiwewe, lakini watu wengi wa Goma walioko Nairobi waliwahi kukimbia vita wenyewe, mwaka 2012 au zamani zaidi, na habari za sasa hufungua yale ya zamani. Mweleze daktari hilo hata kama hakuuliza. Usisubiri mwezi uishe kama hujalala kabisa kwa siku kadhaa, kama unapigana usingizini ukamuumiza mwenzako, au kama wazo la kufa limeanza kukujia.

Nairobi kuna Hospitali ya Mathari, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana simu ya bure ya ushauri nasaha, 1199. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya SOSAME.