Dada yako tangu lini?

"Kwa nini mtu asiyenijua ananiita dada, kaka au mama? Na mbona siku nyingine nasikia raha, siku nyingine nakereka?"

Jaribu kidogo kumwita mtu usiyemjua bila neno la ukoo. Umesimama kituoni Buguruni, mwanamke aliye mbele yako kadondosha pochi. Ukisema "Wewe!" umeshaanza ugomvi. Ukisema "Samahani" watageuka watu kumi. "Bi" linataka jina nyuma yake, na jina hulijui. "Bibi" zamani lilimtosha mwanamke yeyote mzima, lakini kwa Dar es Salaam ya leo umemwambia ana wajukuu. Linabaki "dada". Unalitamka, anageuka, anaokota pochi yake, anasema "Asante kaka", na kila mmoja anashika njia yake. Kwa sekunde tano mlikuwa ndugu, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hiyo neno hili kwanza linaziba pengo. Kiswahili cha mtaani hakina neno moja la kumwita mtu mzima yeyote bila kumpima. Lazima useme yuko wapi ukilinganisha na wewe, na vipimo tulivyo navyo tangu utotoni ni vya nyumbani: aliyenizaa, aliyezaliwa kabla yangu, aliyezaliwa baada yangu. Ukimwita mtu "mama", unajiweka wewe mwenyewe uwe mtoto. Hapo ndipo heshima ilipo. Hujampandisha yeye tu, umeshuka na wewe.

Shida ni kwamba kumpima mtu kwa macho ni kazi ngumu, na wengi tunaifanya mara mbili kwa pumzi moja bila kujua. Salamu inapima miaka, neno la ukoo linapima kizazi. "Shikamoo mama" inasema wewe ni wa rika la aliyenizaa. "Shikamoo dada" inasema umenizidi, nakuheshimu, lakini bado tuko kizazi kimoja. "Mambo dada" inasema tuko sawa. Kijana mwenye adabu hucheza katikati ya hizo tatu, na ile ya kati ndiyo inayookoa watu wengi, kwa sababu inatoa heshima yote ya shikamoo bila kumzeesha mtu.

Mimi nina miaka 36. Mwaka huu ndio nimeanza kuitwa mama na makonda, na nakumbuka siku ya kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye daladala, kanga begani, mfuko wa sokoni mkononi. Konda akawaambia waliokaa, "Jamani mpisheni mama akae." Kijana akasimama, nikakaa. Nikawa nimepata kiti na kidonda kwa wakati mmoja. Siku mbili baadaye, njia ileile, nimevaa suruali na mkoba wa kazini, konda mwingine kaniambia, "Dada, sogea nyuma kuna nafasi." Sikupewa kiti, na nilishuka natabasamu. Macho yake yalikuwa yamesoma nguo na mzigo, wala hayakuona miaka. Kanga, mtoto mgongoni, mfuko wa mboga, kilemba: hivyo vyote vinamgeuza dada kuwa mama hata akiwa na miaka 24.

Neno "mama" lina tabia ya pekee hapa. Binti wa miaka mitatu anaitwa mama na baba yake mzazi, "Njoo mama, usilie," mara nyingi kwa sababu amebeba jina la bibi yake, na hakuna kitu kitamu kama hicho. Mwanamke wa miaka 60 akiitwa mama na muuza nyanya, anaitikia "Abee mwanangu" bila kufikiri. Ni katikati hapo, kama miaka 28 hadi 45, ndipo neno linapochoma. Linaweza kumgusa aliyekuwa anatafuta mtoto kwa miaka mingi, au aliyeamua kutozaa, au ambaye tu alidhani bado ni dada. Msemaji hakukusudia lolote kati ya hayo. Lakini limeingia ndani ya nyumba ya mtu bila hodi.

Sasa kuna kitu kingine kinachobadilisha ladha, nacho ni kile kinachofuata baada ya neno. Undugu una madai yake. Dada husaidia, mama husamehe, kaka hutoa. Kwa hiyo sokoni ukisikia "Dada yangu, chukua mafungu mawili nakupunguzia," umepewa neno na deni pamoja, na wewe ukijibu "Kaka yangu, elfu moja tu ndiyo niliyonayo," umelirudisha lilelile upande wake. Huo ni mchezo wa haki, wote wawili mnaujua. Unakuwa uonevu pale mmoja anapotumia udada kudai kitu ambacho mwingine hawezi kukataa bila kuonekana mbaya: namba ya simu, kupitishwa mbele ya foleni, kukopeshwa na mtu uliyekutana naye jana. Hapo ndipo linapotoka lile jibu kali la mitaani, "Dada yako tangu lini?" Anayelisema halikatai neno, anakataa deni.

Sikiliza pia lile "yangu". "Dada" peke yake ni wito wa kawaida. "Dada yangu" ni laini zaidi, ni ya kubembeleza au kufariji. Lakini libebe hilohilo mwanzoni mwa ugomvi, "Sikiliza, kaka yangu," na kila aliye karibu anajua moto umewashwa. Ukiweka "we" mbele, "We dada!", "We mama!", heshima yote imemwagika ingawa neno la ukoo bado limo. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaweza kukariri maneno yote na bado akakosea kwa sababu ya silabi hiyo moja.

Na kuna pale neno linaposhusha. Aliyekaa nyuma ya dirisha la huduma akikuambia "Mdogo wangu, rudi kesho," amejipa ukubwa ambao hukumpa. Ukubwa wa umri umetumika kufunga mazungumzo, maana mdogo habishani na mkubwa. Ndugu wa karibu wa jambo hilo ni lile la hospitalini: daktari wa kiume anaitwa "daktari" tangu anaingia mlangoni, daktari wa kike anaitwa "dada" au "sista" hadi anamaliza kuandika dawa. Mgonjwa anaona amekuwa mchangamfu, na kwa moyo wake kweli ni mchangamfu. Lakini miaka yote ile ya shule imepotelea ndani ya neno la nyumbani. Pale ambapo mtu yuko kazini na kazi yake ina jina, jina hilo litangulie. "Daktari", "Mwalimu", "Fundi", "Dereva". Udada unaweza kuja baadaye, yeye mwenyewe akiukaribisha.

Neno "dada" lenyewe lina mzigo mwingine mijini, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Anayefanya kazi za ndani anaitwa dada wa kazi, au dada tu. Lilikuja kuwa neno la staha badala ya "hausigeli" na "mtumishi", na watoto walifundishwa kulitumia ili wamheshimu anayewalea. Lakini neno likikaa muda mrefu kwenye kazi, kazi inaliingia. Mwezi uliopita fundi bomba aligonga kwangu asubuhi. Nilikuwa nimejifunga kanga, nadeki. Nikafungua mlango, akanisalimia vizuri kabisa, kisha akauliza, "Dada, mama yupo?"

Tazama sentensi hiyo ilivyo fupi na ilivyofanya kazi kubwa. Ina maneno mawili ya ukoo, yote ya heshima, na hakuna hata moja lenye tusi ndani yake. Lakini yakiwekwa pamoja yamegawa nyumba: dada ni anayedeki, mama ni mwenye nyumba. Angesema "Dada, nimekuja kuangalia bomba," nisingesikia kitu. Nikamwambia, "Mama ndiye mimi." Akaomba radhi mara tatu, akaanza kuniita mama, na mimi nikajikuta nimelidai lile neno lililonichoma kwenye daladala. Binti anayenisaidia alikuwa nyuma yangu akisikia yote. Baadaye nilifikiri kwamba kilichonikera ni kufananishwa naye, na nikaona haya.

Kulikuwa na wakati nchi nzima ilijaribu neno moja tu. Ahadi ya mwanachama wa TANU ilisema "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja," na baada ya Azimio la Arusha la 1967 "Ndugu" likawa wito wa waziri na wa mkulima. Ni neno zuri: halina jinsia, halina umri, halimweki mtu juu wala chini. Nadhani ndiyo sababu halikudumu mdomoni mwa watu wakiongea ana kwa ana. Lilibaki kwenye barua, kwenye mikutano ya chama, na kwenye "Ndugu abiria" na "Ndugu mteja". Mtu akikuambia barabarani "Ndugu, leseni," unasikia ubaridi, kwa sababu hajajisumbua hata kukutazama ajue wewe ni kaka au mzee.

Mimi nikiwa na shaka nashuka kizazi kimoja: mwanamke nisiyejua kama ni wa dada au mama namwita dada, na nikiona amenizidi naanza na shikamoo. Kwa mwanaume aliyeanza kuota mvi, "Shikamoo kaka" hainiangushi, ilhali "mzee" kwa mtu wa miaka 40 naweza kuipatia au kuikosea. Kisha nasikiliza anavyonirudishia. Akisema "Marahaba mdogo wangu" au "Karibu dada," ameupokea undugu na tunaendelea nao. Akijibu "Naam, nikusaidie nini?" bila neno la ukoo lolote, ameniambia kwa upole kwamba tuko kwenye shughuli, na mimi naliacha.

Na nyumbani nimebadilisha jambo moja. Watoto wanaendelea kumwita binti anayenisaidia dada, kwa kuwa ni wadogo zake kweli. Mimi ni mkubwa kwake, sina sababu ya kumwita hivyo, kwa hiyo namwita kwa jina. Fundi aliporudi kumalizia bomba, nilimtambulisha kwa jina lake. Akaliacha lile "dada" mlangoni, akamwambia, "Habari za kazi?" Wakaelewana wenyewe kuhusu ndoo na koki, wala hakuna aliyeniuliza mimi.