Sura moja, shida moja: dhana potofu kuhusu kupanga kitabu cha ufundi

Dhana: Kila sura ni ya mada moja

Mama mmoja wa Majengo, hapa Mombasa, ambaye ameuza mahamri na mbaazi za nazi kwa miaka mingi, aliniletea mswada wa kitabu chake. Amewaandikia wanaotaka kuanza kazi hiyo. Sura ya pili aliiita "Unga na Hamira", na ndani yake mlikuwa na aina za unga, asili ya hamira, namna ya kukanda, kununua kwa jumla Kongowea na kuhifadhi vitu ghalani. Yote yalikuwa ya kweli. Tukampa msichana wa Likoni anayejifunza kazi hiyo aisome. Alirudi na swali moja: "Mama, nimeisoma yote. Sasa mahamri yangu mbona hayafuri?"

Jibu lilikuwemo, ila lilikuwa limetawanyika katika kurasa tatu zilizoachana.

Ukweli: Msomaji wa kitabu cha aina hii hana shida ya "unga". Yuko mbele ya karai la mafuta, mahamri yamelala bapa, na wateja wanakuja. Kwa hiyo, kabla ya kuandika sura, andika sentensi mbili pembeni: msomaji amekwama wapi anapoingia, na ataweza kufanya nini akitoka. Ukijikuta unahitaji sentensi sita, hizo ni sura mbili au tatu zilizobanwa pamoja. Ile ya mama tuliigawa ikawa tatu: kuchagua na kununua unga, mahamri yasiyofura, na kutunza vitu visiharibike.

Sura ya mahamri yasiyofura tuliianza na namna ya kutambua chanzo, kwa sababu chanzo si kimoja. Pasua andazi moja. Likiwa zito ndani, unga haukuumuka, basi ijaribu hamira: koroga kijiko chake katika kikombe cha maji vuguvugu yenye sukari kidogo, usubiri kama dakika 10. Isipotoa povu, imekufa, tafuta nyingine. Ikitoa povu, huenda hukuupa unga muda wa kutosha. Na kama unga uliumuka vizuri lakini mahamri yamebaki bapa na kunywa mafuta, karai halikupata moto. Tupia kipande kidogo cha unga: kikikaa chini bila kupanda, ngoja. Yakifura upande mmoja tu, angalia ulivyosukuma. Pengine kuna sehemu nyembamba, au uso wa unga ulikauka kwa kuachwa wazi.

Dalili, chanzo, jaribio, dawa. Mpangilio huo ndio uliompeleka msichana moja kwa moja kwenye kosa lake, ambalo lilikuwa moto mdogo.

Dhana: Lazima nadharia itangulie ndipo vitendo vifuate

Ukweli: Nadharia ina nguvu inapokaa pale mkono unapoihitaji. Mama alikuwa na kurasa nne za kueleza kwamba hamira ni kiumbe hai. Tulibakisha sentensi mbili, tukaziweka kwenye hatua ya kumimina tui la nazi: tui likiwa la moto sana linaua hamira, kwa hiyo acha lipoe mpaka kidole kikivumilie bila taabu. Hapo msomaji anaelewa sababu huku sufuria liko mkononi. Zile kurasa nyingine ziliondoka, na mama aliumia kuziacha. Namwelewa, maana zilikuwa zimeandikwa vizuri.

Dhana: Sura zote zilingane urefu

Ukweli: Shida hazilingani. Sura ya kununua unga ilimalizika kwa kurasa tatu. Usiirefushe.

Dhana: Sura zifuate mpangilio ambao mwandishi mwenyewe alijifunza

Ukweli: Zifuate mpangilio ambao shida zinamkuta msomaji. Mama aliweka kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha wahudumu wa chakula katika sura ya mwisho, kwa kuwa yeye alivishughulikia baadaye. Anayeanza leo anavihitaji kabla ya kutandika meza, kwa hiyo tulivileta mbele.

Dhana: Jambo likishasemwa mara moja lisirudiwe

Ukweli: Watu hawasomi kitabu cha kazi mfululizo. Hufungua walipokwama. Jaribio la hamira linahitajika katika sura ya mahamri yasiyofura na tena katika sura ya kutunza vitu, kwa kuwa unyevu wa pwani huiharibu hamira iliyoachwa wazi. Lieleze kikamilifu mara moja, na kule kwingine weka mstari mmoja unaotosha kufanya jaribio pamoja na namba ya ukurasa. Lakini ukiona sura moja inamrudisha msomaji nyuma mara nne au tano, basi shida yake haijasimama peke yake, na huenda inafaa kuunganishwa na ile anayorudishwa.