Takwimu Kushuka Baada ya Mradi Si Ushahidi Kwamba Mradi Ndio Uliozishusha

Kitengo chetu cha kupitia tafiti za tathmini kimekuwa kikipokea ripoti nyingi za aina moja: hali ilipimwa kabla ya mradi, ikapimwa tena baada yake, tofauti ikaonekana, na papo hapo ikahitimishwa kuwa mradi ndio uliozaa tofauti hiyo. Hatuna shaka na nia njema ya waandishi wake. Hata hivyo, pale ambapo washiriki hawakugawanywa kwa nasibu, yaani katika majaribio nusu, hitimisho kama hilo halina uhalali wa ndani, maana haliwezi kuthibitisha kwamba mradi ndio chanzo cha tofauti, mpaka maelezo mengine yanayowezekana yachunguzwe na kuondolewa.

Kisa cha jimbo la Connecticut, nchini Marekani, kinalionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1955 watu 324 walifariki katika ajali za barabarani jimboni humo, idadi iliyozidi ile ya miaka michache iliyotangulia. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo Gavana Abraham Ribicoff alianzisha msako mkali dhidi ya mwendokasi: aliyekutwa na kosa la kwanza alifungiwa leseni kwa siku 30, la pili kwa siku 60, na la tatu kwa muda usio na ukomo. Mwaka 1956 vifo vikawa 284. Pungufu ya vifo 40, karibu asilimia 12, ilitosha kumfanya gavana atangaze kuwa mpango umefaulu.

Watafiti Donald Campbell na Laurence Ross walipochambua takwimu hizo katika makala yao ya mwaka 1968, hawakuuliza kama vifo vilipungua, bali ni nini kingine kingeweza kuvipunguza. Huenda hali ya hewa ya mwaka 1956 ilikuwa nafuu zaidi kwa madereva. Hicho kingekuwa kigeu vurugishi, kwa sababu kinagusa idadi ya ajali na kimebadilika wakati uleule wa msako. Huenda pia habari za vifo vya mwaka 1955 zenyewe ziliwatia watu hofu. Lakini tishio zito zaidi, na ndilo tunalolikuta mara nyingi katika ripoti zinazotufikia, ni mrejeo kuelekea wastani. Msako haukuanza mwaka wowote tu. Ulianza kwa sababu mwaka 1955 ulikuwa mbaya kupita kiasi. Takwimu inayopanda na kushuka kila mwaka, ikifika juu isivyo kawaida, ina uwezekano mkubwa wa kushuka mwaka unaofuata hata pasipo mtu kufanya lolote. Hali ni hiyohiyo kwa wanafunzi waliochaguliwa kupewa masomo ya ziada kwa sababu walipata alama za chini kabisa katika mtihani mmoja. Tunalazimika kurudia kwamba kuongeza idadi ya waliopimwa hakuondoi tatizo hili, kwa kuwa kasoro imo katika namna walivyochaguliwa.

Dawa ya kwanza ni kuonyesha vipimo vya miaka kadhaa kabla na baada, ili msomaji aone kama mshuko unazidi mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka. Ya pili ni kundi linganishi. Campbell na Ross walilinganisha Connecticut na majimbo jirani, yakiwemo Massachusetts na New York, ambayo yalikabiliwa na hali zinazokaribiana. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme eneo lenye mradi limeshuka kutoka ajali 50 hadi 42, na eneo lisilo na mradi kutoka 48 hadi 43. Linaloweza kuhusishwa na mradi ni 8 kutoa 5, yaani 3, na si 8. Hata hizo 3 zinategemea sharti moja: kabla ya mradi maeneo hayo mawili yawe yalikuwa yakienda kwa mwelekeo mmoja. Kundi linganishi lisilotimiza sharti hilo huongeza upotoshaji, na kulichagua kwa sababu tu takwimu zake zilipatikana kwa urahisi si utetezi.

Baada ya uchambuzi wote huo, waandishi hao waliona vifo vikiendelea kupungua Connecticut, lakini hawakupata uthibitisho usio na shaka kwamba msako ndio uliovipunguza. Waligundua pia kuwa mahakama ziliwaachia huru washtakiwa wengi zaidi wa mwendokasi, na kwamba kukamatwa kwa watu walioendesha huku leseni zao zimefungiwa kuliongezeka.

Kwa hiyo, kila ripoti ya jaribio nusu inayowasilishwa kwetu ieleze nani alichagua washiriki na kwa kigezo gani, tarehe mradi ulipoanza, tarehe yoyote ambapo namna ya kupima au kutunza kumbukumbu ilibadilishwa, na vipimo vyote vilivyopo vya kabla ya mradi, hata visivyopendeza. Ripoti itakayokosa kimojawapo itarudishwa kwa marekebisho bila kujadiliwa. Yenye kipimo kimoja tu cha kabla na kimoja cha baada, bila kundi linganishi, itapokelewa kama maelezo ya hali, na neno “imesababisha” litaondolewa katika muhtasari wake.