Komunike kwa presi: dhana zinazoizamisha kabla haijafika redioni

Vyama vingi vya Lubumbashi huandika komunike yao usiku wa kuamkia sherehe, kisha hulalamika kwamba redio imewataja kwa sekunde chache au haikuwataja kabisa. Lawama huangukia mwandishi wa habari. Lakini ukiiweka rasimu mezani na kuisoma taratibu, mara nyingi sababu inaonekana humo humo.

Hapa nina rasimu ya mfano, niliyoitunga kwa kufuata zile zinazopita mikononi mwangu. Ni ya chama cha akina mama wa komini ya Katuba waliochimbisha foraji ya maji:

"KOMUNIKE KWA PRESI: Hafla kubwa ya uzinduzi rasmi wa mradi wa maendeleo wa chama chetu.

Katika mazingira ya changamoto nyingi zinazoikabili jamii yetu, na chini ya uongozi wenye maono wa Mama Prezida, chama chetu kilichoanzishwa mwaka 2011 kina furaha kubwa kuwatangazia wakaaji wote kwamba hivi karibuni kitazindua mradi wake wa maji kwa lengo la kuinua hali ya maisha, mbele ya viongozi mbalimbali wa kisiasa, kidini na kimila."

Ukishuka hadi aya ya nne ndipo unakuta kwamba maji yataanza kuuzwa Jumatatu tarehe 7 Septemba, kwa franka 100 bidoni ya lita 20, wakati wachuuzi wa mikokoteni wanaiuza 200. Aya hiyo ya nne ndiyo komunike yenyewe. Zilizotangulia zimeifunika.

Dhana: sherehe ni habari, na ikiwa na wakubwa ni habari zaidi

Ukweli ni kwamba habari ni kile kinachobadilika kwa mtu ambaye hakualikwa. Mama wa Katuba anayeamka alfajiri kutafuta maji hahitaji kujua nani atakata utepe. Anataka kujua maji yatapatikana wapi, lini, na kwa bei gani.

Kuna jaribio rahisi ninalolitumia kwa kila rasimu. Futa jina la chama, futa majina na vyeo vya wageni, futa neno "uzinduzi". Soma kilichobaki. Kama kimebaki kitu ambacho jirani angeweza kumwambia jirani mwenzake ng'ambo ya ukuta, habari ipo. Ukiifanyia hivyo aya ya kwanza ya rasimu yetu, hakibaki kitu. Ukiifanyia aya ya nne, inabaki nzima: bei ya maji inashuka kwa nusu, Jumatatu, mahali fulani.

Katika kupima habari, nchi yetu imo katika historia ya jambo lenyewe. Mwaka 1965 watafiti Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walitoa orodha ya mambo 12 yanayolifanya tukio lichaguliwe kuwa habari, nayo inafundishwa hadi leo. Waliijaribu kwa kuchunguza jinsi magazeti manne ya Norwe yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro. Miongoni mwa mambo hayo kuna ukubwa wa tukio, ukaribu wake na msomaji, uwazi wake, na kuwa jambo lisilotarajiwa. Wakubwa nao wamo, na sisemi hawana uzito. Gavana akisema jambo jipya, hilo ni habari. Lakini kiongozi kuhudhuria sherehe ni jambo ambalo mji huu huliona kila wiki, kwa hiyo halishangazi mtu.

Orodha hiyo inatufaa kwa jambo jingine pia: tukio hupita kwa urahisi likiwa na siku yake. "Mradi" hauna siku. Umeanza zamani na utaendelea. "Maji yanaanza kutoka Jumatatu" yana siku, na mhariri anajua aiweke katika taarifa ya siku gani.

Wakati mwingine jaribio linaonyesha kwamba hakuna habari, na hapo inabidi kusema hivyo bila kuogopa kumuudhi mtu. Chama kimechagua kamati mpya, au kimefanya semina ya ndani ya siku mbili: wape wanachama taarifa, msiwatumie waandishi. Mhariri aliyepokea komunike tatu tupu kutoka kwenu hataifungua ya nne kwa moyo ule ule, hata kama ndiyo yenye foraji.

Dhana: kichwa lazima kiwe na heshima na ukubwa

"Hafla kubwa ya uzinduzi rasmi wa mradi wa maendeleo wa chama chetu." Hesabu vitendo humo. Hakuna hata kimoja. Ni mlolongo wa majina yaliyounganishwa kwa "ya" na "wa", na kila kiunganishi kinalisukuma jambo mbali zaidi. Hata neno "maji" halimo.

Kichwa chenye nguvu kina kitendo, nacho kipo karibu na mwanzo. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu vichwa vya habari vina sarufi yao iliyozoeleka: yashuka, wapata, lafungwa. Jaribu: "Katuba yapata maji." Ni kifupi na kina kitendo, lakini si kweli. Foraji moja haiwezi kuhudumia komini nzima. Inahudumia avenyu sita. Mwandishi akifika na kukuta avenyu ya saba bado inanunua kwa wachuuzi, atakuwa na habari nyingine ya kuandika, nayo itawahusu ninyi.

Jaribu tena: "Chama cha akina mama chazindua foraji Katuba." Hiki ni kweli na kinapitika, ila bado kinaongelea aliyetenda kuliko aliyefaidika. Sasa hiki: "Bei ya bidoni ya maji yashuka kwa nusu katika avenyu sita za Katuba." Kina maneno 13, kina kitendo, kina kipimo, kina mahali. Na kinabebeka, maana kila neno lake lina ushahidi katika aya zinazofuata. Hicho ndicho ningekichagua, kwa sharti moja: bei ya wachuuzi iwe imeulizwa kwenye avenyu hizo hizo, wiki hiyo hiyo. Kama huku wanauza 200 na kule 150, "nusu" inaanguka na kichwa kinabadilika.

Kuna jambo la simu pia. Wahariri wengi husoma barua pepe kwenye simu, na kioo huonyesha maneno machache tu ya mada. Ukianza na "Komunike kwa presi kutoka chama cha…" nafasi imekwisha kabla hujasema lolote. Weka kichwa chenyewe kwenye mada.

Dhana: aya ya kwanza ni ya salamu, habari inafuata

Hii ndiyo inayoua komunike nyingi kuliko zote, na ninaelewa inatoka wapi. Kwenye mkutano wetu huwezi kuanza kusema kabla ya kuwasalimu wazee na kuwashukuru viongozi. Ni adabu njema. Lakini komunike haisomwi mbele ya wazee. Inasomwa na mtu mmoja mwenye haraka, na mara nyingi sentensi mbili za mwanzo ndizo pekee zitakazoingia hewani.

Chukua kalamu, upige mstari chini ya jibu la kila swali katika aya ya kwanza: nani, nini, lini, kwa nini. Usikubali kitu kinachofanana na jibu.

Nani? Rasimu inajibu "chama chetu" na "Mama Prezida". Kisarufi ni jibu, lakini nani wa habari hii ni familia zinazochota maji. Chama kinastahili kutajwa, katika sentensi ya pili.

Nini? "Kitazindua mradi." Kuzindua ni tendo la siku moja la wenye mradi. Kinachotokea kwa wengine ni kuchota maji kwa franka 100.

Lini? "Hivi karibuni" si tarehe. Na hata tarehe ikiwepo, angalia saa kwa makini sana. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, kwa hiyo komunike inayotumwa pia kwa vyombo vya Kinshasa iseme ni saa za wapi. Tena "saa 4" ya Kiswahili ni 10h00 ya Kifaransa. Katika mji ambako watu huzitaja saa kwa lugha zote mbili, kuna atakayefika alfajiri na atakayefika sherehe imekwisha. Andika "saa 4 asubuhi (10h00), saa za Lubumbashi" na tatizo limeisha.

Kwa nini? Hapa ndipo wengi wanateleza. "Kwa lengo la kuinua hali ya maisha" ni lengo, na lengo hilo lingebandikwa kwenye mradi wa kuku au wa cherehani bila kubadilisha neno. Sababu ni kitu kilichotokea: visima vilivyochimbwa kwa mkono kwenye avenyu hizo hukauka kila mwisho wa kiangazi, na Septemba ndio wakati wake. Sababu hiyo inaeleza hata kwa nini habari itoke sasa na si Februari, mvua zikiwa zinanyesha.

Aya ikiandikwa upya inakuwa hivi:

"Familia za avenyu sita za Katuba, ambako visima vya mkono hukauka kila mwisho wa kiangazi, zitaanza Jumatatu tarehe 7 Septemba kuchota maji ya foraji kwa franka 100 bidoni ya lita 20, nusu ya bei ya wachuuzi. Foraji hiyo imechimbishwa na chama cha akina mama wa komini hiyo kwa michango ya wanachama."

Saa ya sherehe, kina cha foraji, maneno ya Mama Prezida, vyote vinashuka aya ya pili na ya tatu. Kuna wanaotaka kila kitu kiingie aya ya kwanza wakishasikia juu ya maswali haya. Matokeo yake ni sentensi ambayo mtangazaji hawezi kuimaliza kwa pumzi moja. Isome kwa sauti. Pumzi ikikatika, punguza.

Dhana: ukishatoa kupaji, komunike yoyote inapita

Fedha anazopewa mwandishi wa habari, yaani kupaji, zinaweza kumleta kwenye sherehe. Haziwezi kuwafanya wasikilizaji wasikie kitu ambacho hakimo. Komunike tupu iliyolipiwa inasikika kama tangazo, na watu wa hapa wanalitambua tangazo upesi sana.

Dhana: aliyeiandika anatosha kuihakiki

Hatoshi, kwa sababu yeye anajua yasiyoandikwa. Mpe aya ya kwanza mtu ambaye hakuwa kwenye mikutano yenu, aisome mara moja, arudishe karatasi, kisha akusimulie. Usimsahihishe, andika anavyokosea na anachouliza. Kwa aya yetu mpya, swali la kwanza litakuwa "avenyu zipi?", na la pili "je, bei hiyo itabaki?" Majina ya avenyu zote sita yaingie aya ya pili, moja baada ya jingine. Kuhusu bei, Mama Prezida aulizwe kabla ya kutuma, na jibu lake liwe ndilo nukuu ya komunike badala ya shukrani.