Je, wajua spichi fupi ya harusi huandikwa kuanzia mwisho?

"Emsii ameniambia nitapewa maiki dakika 3 tu, mimi ndo msimamizi wa bwana harusi, nitafupisha spichi aje na isikae baridi?"

Ondoa sifa, bakisha kisa kimoja. Angalia venye spichi nyingi hapa Nairobi hurefuka, mtu anaanza na itifaki, anashukuru kamati na wazazi wa pande zote, kumbe emsii alishawatambua wote, halafu inakuja orodha, bwana harusi ni mpole, ana bidii, ni mcha Mungu, na maneno hayohayo yanasemwa kwa tenti ingine Jumamosi hiyohiyo. Sentensi yoyote inayoweza kusemwa kwa harusi ya mtu mwingine, ifute.

Anza kuandika na ule mstari wa kuinua glasi, ju ukishajua unaenda wapi, unachagua kisa kinachofika hapo na vingine unaviacha, hata kama ni vitamu. Tuseme mlikaa keja moja na jamaa huko Umoja na bibi harusi ni nesi. Mstari wako ni "nyumba yenu isikose mtu wa kuamka kwanza." Sasa kisa: "Kabla nimjue shemeji, nilikuwa najua siku zake za shifti ya usiku, manake siku hizo alamu ya huyu ndugu yangu ililia saa 11, anachemsha chai, anajaza themosi, anaenda kumngoja steji, hata kukinyesha." Hapo hujasema anampenda na kila mtu ameskia. Kisha mgeukie bibi harusi kwa sentensi moja au mbili, hii sehemu watu husahau na ndo inafanya spichi iwe ya watu wawili: "Shemeji, tangu uje, huyu mtu wa kulala hadi saa 4 alijifunza kuamka."

Kisa kikihitaji maelezo marefu ndo kieleweke, tafuta kingine, maana wazee wa meza ya mbele hawakuwa kwa hiyo keja. Za maeksi usiguse kabisa.

Kupima, isome kwa sauti ukiwa umesimama, na taima ya simu, ju kusoma kimoyomoyo huenda mbio na itakudanganya. Lenga dakika 2 na nusu, hiyo nusu ingine ni ya vicheko na maiki kusumbua. Ikizidi, kata mwanzo, usikate themosi na mvua, hizo ndo watu watakumbuka. Itifaki inatosha sentensi moja: jina lako na venye unamjua.

Ukifika kwa glasi, waambie watu wasimame kwanza, ngoja viti vinyamaze, ndo useme ule mstari, la sivyo kelele za viti zitaumeza, halafu rudisha maiki.