Jumla ya matatizo si jumla ya watoto: dhana potofu kuhusu jedwali la uchunguzi wa afya shuleni

Dhana: Ukijumlisha safu za macho, masikio, meno na lishe, unapata idadi ya watoto wa rufaa

Hupati. Kosa hili ndilo linalorudisha majedwali mengi kwa walimu wa afya, na bado kila uchunguzi unapokwisha linakuja tena, limepigiwa mstari chini na kuandikwa JUMLA KUU kwa wino mwekundu.

Chukua mfano wa Darasa la Tatu lenye wanafunzi 62 kwenye rejesta. Siku ya uchunguzi walikuja 54, matokeo yakawa haya:

| Kipimo | Waliopimwa | Wenye tatizo | Wa rufaa |
|---|---|---|---|
| Macho | 54 | 5 | 5 |
| Masikio | 49 | 4 | 4 |
| Meno | 54 | 17 | 9 |
| Lishe | 52 | 6 | 2 |

Ukijumlisha kwenda chini unapata matatizo 32 na rufaa 20. Lakini ukirudi kwenye orodha ya majina, unakuta watoto 17 wana tatizo moja, 6 wana mawili, na mmoja ana matatu. Matatizo ni 32 kweli, ila watoto ni 24. Rufaa nazo ni vivyo hivyo: watoto 13 wana rufaa moja, wawili wana mbili mbili, mmoja ana tatu. Barua za rufaa ni 20, watoto ni 16.

Namba zote mbili zina kazi, na haziwezi kubadilishana. Kliniki ya meno inataka kujua itapokea watoto 9. Idadi ya 16 haiisaidii kitu. Mwalimu mkuu anayewaita wazazi na kutafuta usafiri anahitaji 16. Akipewa 20, atamwita mama mmoja mara tatu kwa mtoto yuleyule, na mara ya tatu mama hatakuja.

Angalia pia pengo la meno: 17 wana tatizo, 9 tu ndio wa rufaa. Wanane waliobaki wana utando na fizi zinazovuja damu kidogo. Hao wanahitaji mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na mtu wa kuwasimamia. Ukiwapeleka kliniki watarudishwa nyumbani na maneno hayohayo.

Chanzo cha kosa ni kwamba watu huanza na jedwali. Kila meza ya kupimia inachora vijiti vyake kwenye karatasi yake, jioni karatasi nne zinaletwa ofisini, na hakuna tena njia ya kujua kwamba mtoto wa meno ndiye yule wa macho. Anza na orodha: mtoto mmoja, mstari mmoja, na kwa kila kipimo namba moja ya msimbo. Weka 0 kama yuko sawa, 1 kama ana tatizo lisilohitaji rufaa, 2 kama anahitaji rufaa, 9 kama hakupimwa. Usiache kisanduku kitupu, maana kesho hutakumbuka kama utupu ule ulimaanisha "yuko sawa" au "alikwenda chooni".

Orodha ikiwa kwenye Excel, karatasi iitwe `Orodha`, darasa liwe safu B, macho F, masikio G, meno H, lishe I. Kwenye J weka alama ya mtoto mwenye rufaa yoyote:

```
=IF(COUNTIF(F2:I2,2)>0,1,0)
```

Kisha kwenye jedwali la muhtasari, jina la darasa likiwa A5, hizi zinakupa waliopimwa macho, wa rufaa ya macho, na watoto wa rufaa kwa ujumla:

```
=COUNTIFS(Orodha!$B:$B,$A5,Orodha!$F:$F,"<=2")
=COUNTIFS(Orodha!$B:$B,$A5,Orodha!$F:$F,2)
=SUMIFS(Orodha!$J:$J,Orodha!$B:$B,$A5)
```

Jina la darasa liandikwe kwa namna moja tu. "La Tatu" na "Darasa la 3" kwa Excel ni madarasa mawili, na watoto watapotea bila onyo.

Dhana: Asilimia hupigwa kwa idadi iliyo kwenye rejesta

Gawanya kwa waliopimwa, tena kwa kipimo kile. Masikio hapo juu ni 4 kati ya 49, yaani asilimia 8.2. Ukigawa kwa 62 unapata 6.5, na umewahesabu watoto 13 kuwa wanasikia vizuri ilhali hakuna aliyewagusa. Watoro wa siku hiyo mara nyingi ndio wenye homa au sikio linalotoa usaha, kwa hiyo safu ya "hawakupimwa" ibaki kwenye jedwali ili warudiwe.

Wala usichukue asilimia za madarasa ukazitafutia wastani. La Kwanza wenye tatizo 9 kati ya 90 ni asilimia 10. La Saba 6 kati ya 30 ni 20. Wastani ni 15, lakini kiwango halisi ni 15 kati ya 120, yaani 12.5.

Dhana: BMI chini ya 18.5 ni utapiamlo

Kwa mtu mzima, ni uzito pungufu. Kwa mtoto wa kiume wa miaka 8, BMI ya katikati kwenye viwango vya WHO ni kama 15.7, na mstari wa ukondefu, yaani mikengeuko sanifu −2 kutoka katikati hiyo, uko kwenye 13.3. Ukitumia 18.5, darasa karibu zima litaandikwa limekonda, na yule mwenye 18 ambaye tayari amevuka mstari wa uzito uliozidi (+1) utamwongezea uji. Unahitaji jinsia na tarehe ya kuzaliwa, si "miaka 8" ya kukisia. Programu ya WHO iitwayo AnthroPlus inafanya hesabu yenyewe. Ikikuletea mtoto aliye chini ya −5, kabla ya kumwandikia rufaa kagua urefu wake. Kwa kawaida mtu ameandika 152 badala ya 125.

Dhana: Darasa lenye wengi walioshindwa kipimo cha masikio lina ugonjwa

Kwanza uliza lilipimwa wapi na saa ngapi. Wakishindwa sauti ya 1000 Hz na kuisikia ya 4000 Hz, shuku kelele za uwanjani kabla ya kushuku masikio, kwa sababu kelele hufunika zaidi sauti nzito. Warudie kabla ya kujaza safu ya rufaa. Macho nayo: jicho moja moja, kwa mita 6, jicho jingine lizibwe kwa kadi maana vidole vina mianya. Akishindwa mstari wa 6/12 wa chati ya macho kwa jicho lolote baada ya kurudiwa, ni rufaa, na anahesabiwa mtoto mmoja hata kama ni macho yote mawili. Msimwandikie "anahitaji miwani". Hilo ataamua wa kliniki.

Dhana: Safu moja ya "rufaa" inatosha

Igawe mara mbili: ya haraka na ya kawaida. Shavu lililovimba kwa jino, uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, na BMI chini ya −3 haviingii foleni moja na nta ya masikio. Kisha ongeza safu ya "waliofika", ijazwe baada ya wiki nne kwa vipande vya barua vilivyorudishwa na kliniki. Majina yabaki kwenye orodha iliyofungiwa kabatini. Kinachobandikwa ukutani ni jedwali la namba, na darasa likiwa na mtoto mmoja tu mwenye tatizo fulani, namba hiyo isibandikwe.